Mama Aliporudisha Funguo na Kusahau Karatasi

Mama aliporudi kuishi Rubona, hapa Rwanda, nilicheza uwanjani kama mtoto. Sisemi uongo. Jirani alichungulia juu ya ua akauliza kama nimeshinda bahati nasibu, nikamwambia nimeshinda mama! Miaka yote ile alikuwa Goma, ng'ambo ya mpaka, akilea wajukuu wake, watoto wa dada yangu, na kuuza vitenge sokoni, huku nyumba yake ya hapa, iliyo juu kidogo ya bandari na inayotazama ziwa lote la Kivu, ikikaliwa na wapangaji. Sasa wapangaji walikuwa wamehama, wajukuu wamekua, na mama alikuwa amechoka kuvuka mpaka kila alipotaka kutuona, kitambulisho kikining'inia shingoni ndani ya kifuko cha kitambaa. "Bon, mi narudi kwangu," aliniambia kwa simu. "Usimwambie mutu. Nataka kufika, nikae, nipike, ndipo banijue."

Nyumba ile mama aliijenga mwenyewe. Baba alikuwa amekwisha kufa, na kila tofali aliliweka kwa faida ya biashara yake. Kwa hiyo mnaponiona nimekasirika katika habari hii, msiniambie nina hasira za karibu. Ninazo, kweli, watu wote wa soko la Gisenyi wanajua, lakini siku ile zilikuwa na haki yake.

Tulikuwa na wiki nzuri. Tulipaka rangi jikoni, tukaosha madirisha, tukachoma magodoro ya wapangaji yaliyokuwa na kunguni. Mama aliimba mchana kutwa. Mimi nilifunga kibanda changu cha mjini nikaja kumsaidia, na hata sasa nikikumbuka wiki ile nasikia raha mwilini. Mama ananitania mpaka leo juu ya Kiswahili changu, kwa sababu nilisoma Tanzania kwa shangazi. Anasema naongea kama taarifa ya habari. Yeye anaongea cha Goma, na siku zile alikuwa akinisahihisha kwa makusudi, nami namsahihisha yeye, basi tunacheka.

Ndipo mchana mmoja akaja mwanamke aliyevaa vizuri, futi ya fundi cherehani shingoni. Alibisha hodi kwa adabu. Mama akamkaribisha ndani, akamvutia kiti, akamtilia chai, kwa sababu kwetu mgeni haulizwi shida yake kabla hajanywa kitu. Mgeni akanywa, akasifu chai, akasifu rangi ya jikoni. Kisha akasema, akitabasamu kabisa:

"Samahani, nyinyi ndio wapangaji? Tuliambiwa mtatoka mwisho wa mwezi. Nilitaka tu kupima madirisha, nishone mapazia mapema. Nina furaha mpaka silali."

Mama aliweka kikombe chini taratibu.

"Mwenye nyumba ni nani, mwanangu?"

"Mama mmoja yuko Goma, anaumwa. Sisi tunanunua kwa mdogo wake wa kiume. Ana prokurasio. Mume wangu ameshatangulia kwa notari, wanasaini mchana huu."

Yampayinka! Nilisimama kikombe kikaanguka. Mdogo wa kiume wa mama ni mmoja tu duniani, mjomba wangu, anayeishi Bugeshi juu kule kwenye baridi, na ng'ombe wake na viazi vyake. Mama alimlea. Wazazi wao walipokufa, yeye alikuwa bado ananyonya vidole, na mama alimbeba mgongoni mpaka akaweza kwenda shule. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

"Mama huyo wa Goma ndiye huyu," nilimwambia mgeni, sauti ikinitoka kama ya mtu mwingine. "Na haumwi hata kidole!"

Sasa niwaeleze hiyo prokurasio ni kitu gani, maana kila kitu kiligeukia hapo. Ni hati ya uwakilishi: unakwenda kwa notari, yule afisa wa kuthibitisha hati, unasaini kwamba mtu fulani anaweza kutenda jambo kwa niaba yako, na saini yake inakuwa kama yako. Mama alipohamia Goma, alikuwa na shamba Kanzenze alilotaka kuliuza, naye hakutaka kuvuka mpaka kila mnunuzi anapojitokeza. Akampa mjomba prokurasio. Shamba likauzwa, pesa zikafika salama, mama akamshonea mjomba suti. Hakuna aliyelalamika.

Shida ilikuja baadaye kwa wapangaji. Mjomba alikuwa anakusanya kodi ya nyumba hii, na kodi ikaanza kufika ikiwa imekonda, kisha ikaacha kufika. Mama hakwenda polisi wala kwa wakili. Alifanya kama familia zetu zifanyavyo: aliita kikao. Wazee walikaa, pombe ya ndizi ikamiminwa, mjomba akaungama, akaomba radhi, na mbele ya wote akaweka funguo za nyumba mkononi mwa mama. Tukapiga makofi. Mzee mmoja akasema jambo limekwisha, sasa mjomba hana neno tena juu ya nyumba hiyo. Tukala, tukaenda zetu.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza karatasi iko wapi. Kwetu, mtu akirudisha funguo mbele ya wazee amemaliza kila kitu. Nani angefikiri karatasi ya shamba la Kanzenze inaweza kuuza nyumba ya Rubona?

Mgeni wetu alikuwa amepauka. Nilimtazama kwa jicho baya kwa muda kidogo, mnisamehe, halafu nikaona anapekua mkoba kutafuta simu, nikajua naye ni mwathirika kama sisi. Alimpigia mumewe simu, haikupokelewa. Akapiga tena. "Akiingia ofisini huizima," alisema, karibu kulia. "Mama, tumeshatoa avansi, malipo ya kwanza. Pesa zetu za miaka."

"Twende," mama alisema.

"Mama, ubadilishe nguo basi, una rangi mpaka kwenye nyusi."

"Nyumba inauzwa we unaniambia nguo? Twende!"

Tulikimbia mpaka barabarani. Pikipiki tatu, wanawake watatu. Dereva wa mama alimpa kofia ngumu ya pikipiki, mama akakataa kwa sababu ya kilemba, dereva akakataa kuondoka kwa sababu ya askari, nikapiga kelele mpaka wauza sambaza, vile visamaki vya ziwani, pale bandarini wakageuka kutazama. Mwishowe mama akavua kilemba akakitia kifuani, akavaa kofia, na akampiga dereva begani kama anayepiga punda. "Kimbiza!"

Na alikimbiza! Sikupata kuona mama yangu akienda kasi namna ile. Tulipita kiwanda cha bia, tukapita wavuvi waliotandaza nyavu, ziwa upande wa kushoto linang'aa. Nitasema ukweli: katikati ya hofu ile nilijisikia kuwa hai. Mgeni wetu alikuwa mbele, futi imepeperuka nyuma yake, na kila tulipolingana alinipigia ukelele, "Tutafika!" Nami nikamjibu, "Tutafika!" Mtu niliyetaka kumfukuza kwenye kiti muda mfupi uliopita.

Ofisi ya notari ilikuwa ghorofani mjini, juu ya duka la vyombo. Tulipanda ngazi tukihema. Mlango ulikuwa wazi, na kabla hatujaingia nilisikia sauti ya notari, mwanamke wa makamo, ikiuliza kwa Kinyarwanda, taratibu na kwa uthabiti:

"Narudia kukuuliza kabla hamjasaini. Namba ya simu ya dada yako iliyoandikwa humu imefungwa, nimejaribu mara kadhaa. Uwakilishi hufa pamoja na mwenye mali. Je, yuko hai? Na hajaiondoa hati hii?"

"Yuko hai, mzima kabisa," ilisema sauti ya mjomba. "Ni ugonjwa tu wa miguu, hawezi kusafiri."

"Mzima kabisa, na miguu iko hii hapa!" mama alisema, akaingia.

Jamani! Ningekuwa mchoraji, ningechora uso wa mjomba. Alikuwa amevaa ile suti aliyoshonewa na mama. Kalamu ilikuwa mkononi. Mume wa mgeni wetu, mwanaume mnene mwenye miwani, aliinuka, akaketi, akainuka tena, asijue amtazame nani. Mkewe alimkimbilia akaishika karatasi iliyo mbele yake. "Umesaini?"

"Bado. Kwani nini?"

"Usisaini! Mwenye nyumba ndiye huyu!"

Notari hakupiga kelele. Alifunga kifuniko cha wino wa muhuri wake, akamwomba mama kitambulisho. Mama akakitoa kwenye kile kifuko cha shingoni, mikono imejaa rangi. Notari akalinganisha picha na uso, akatazama kwenye kompyuta jina lililoandikishwa juu ya kiwanja chetu, akatazama tena hati ya mjomba. Kisha akasema, sasa kwa Kiswahili kwa sababu mama alikuwa amekwisha kumwaga maneno yake yote kwa Kiswahili:

"Karibu, mama. Kaa. Hujachelewa. Mkataba haujasainiwa."

Mimi sikukaa. Nilimwendea mjomba na kumwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na notari akaniambia kama sitakaa nitatoka. Nikakaa.

"Sasa niambie," notari akamwambia mama, "ulimpa ndugu yako hati hii ili afanye nini?"

"Kuuza shamba ya Kanzenze. Paka ile shamba tu. Ilishauzwa zamani!"

Notari akageuza hati, akaisoma kwa sauti.  Haikutaja Kanzenze popote. Haikutaja namba ya kiwanja chochote. Ilisema mama anampa ndugu yake uwezo wa kusimamia, kupangisha na kuuza mali zake zote zisizohamishika zilizomo wilayani Rubavu, kusaini mikataba na kupokea pesa. Haikuwa na mwisho wa muda. Haikuwa na bei ya chini.

"Nilimwambia yule mupiga chapa aandike vizuri ili isikataliwe," mama alisema polepole.

"Aliandika vizuri kupita kiasi," notari akasema. "Wewe ulikuwa na shamba moja moyoni, lakini mnunuzi haoni moyo, anaona maandishi. Na maandishi haya yanaingiza nyumba yako yote, mpaka jiko. Neno kuuza limo, wazi kabisa. Lisingekuwemo, ningemrudisha tangu mlangoni, maana anayepewa kusimamia tu hawezi kuuza. Nimempigia mwenzangu aliyeithibitisha, hati ni ya kweli."

"Mnaona?" mjomba alidaka. Alikuwa amepata nguvu. "Karatasi ni nzuri. Alisaini yeye mwenyewe, kwa hiari. Mimi sijaiba kitu!"

"Ulirudisha funguo!" nilipiga kelele. "Mbele ya wazee wote! Ulikunywa na pombe!"

Notari aliinua mkono. Aliuliza habari ya kikao, mama akamweleza yote, na yeye akasikiliza bila kumkatiza. Kisha akamgeukia mjomba.

"Hilo nalo ni kweli? Uliambiwa huna neno tena juu ya nyumba?"

Mjomba akatazama dirisha. 

"Basi kati yako na dada yako, hakimu angeweza kusema uliondolewa siku ile, na wewe ulijua. Lakini hawa," akawaonyesha mume na mke, "hawakuwepo kwenye pombe yenu. Hawakuona funguo. Wangenunua kwa nia njema kwa hati ambayo hakuna aliyewaambia imekufa. Mngekwenda mahakamani mkitazamana, wao wakiwa na mkataba na nyinyi mkiwa na wazee wa kikao, na sijui nani angelala ndani ya nyumba hiyo. Mama, mwakilishi unaweza kumwondoa siku yoyote, bila kutoa sababu. Lakini lazima iandikwe, apewe taarifa, na waambiwe wote wanaoweza kuitumia hati ile. Na hati yenyewe uichukue."

Mama alitikisa kichwa kama mtu anayesikia kwamba alikuwa amelala kitanda kimoja na nyoka. "Donc, ile funguo ilikuwa ya bure."

"Kwa kodi, ilifaa. Kwa kuuza, haikufunga kitu. Ila sasa umeniambia mimi, mbele yao. Hakuna kitakachosainiwa hapa leo kwa karatasi hii."

Niliruka! Niliruka kweli, nikamkumbatia mama na rangi yake, nikamkumbatia hata yule mwanamke wa mapazia, ambaye alikuwa analia na kucheka pamoja. Nilidhani yamekwisha.

Lakini mume wake hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akasema kwa sauti ya chini, "Na avansi yangu?"

Kila mtu alimtazama mjomba. Ikajulikana kwamba sehemu kubwa ameshainunulia mashine ya mtumbwi. Alitaka kuingia kwenye uvuvi, achukue sambaza Rubona na kuzipeleka Goma, naye ng'ombe wamemchosha. Alikuwa amesikia wapangaji wanahama, dada yuko mbali, na watoto wake wana maisha yao. Alisema alidhani mama hatarudi tena, na kwamba angempelekea sehemu yake.

"Mimi naenda polisi," yule mume alisema. "Umeniambia mwenye nyumba amekutuma. Huo ni utapeli."

Hapo ndipo mjomba alipovunjika. Aliteleza kutoka kwenye kiti akapiga magoti mbele ya mama, suti na yote. "Yaya," alisema, akimwita dada mkubwa kama alivyomwita tangu utotoni, "wewe ndiye mwenye mali. Saini wewe mwenyewe. Watu wako hapa, pesa ziko hapa, notari yuko hapa. Ukikubali, hakuna kosa tena, inakuwa kwamba ulinituma. Usipokubali, nafungwa. Yaya, utaniacha nifungwe?"

Vyombo viligongana dukani chini. Nilimtazama notari, nikitumaini atasema haiwezekani. Hakusema hivyo. Alisema ukweli wake: "Mwenye mali anaweza kukubali jambo lililofanywa kwa jina lake, au akauza mwenyewe. Lakini kwa hiari yake tu. Mama, hakuna mtu atakayekusukuma ndani ya ofisi hii. Ukitaka, nitawatoa wote nikuulize peke yako."

"Baache," mama alisema. "Basikie."

Nilijua mama alivyo. Nilijua angeweza kukubali. Alishawahi kuuza cherehani yake ili mjomba huyu amalize shule. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kwenye pikipiki. Nikamshika tu sketi, mimi mtu mzima.

Mama alimtazama mdogo wake aliyekuwa bado magotini. Kisha akasema:

"Nilikubeba kwa mugongo mpaka mugongo ikapinda. Sinung'uniki. Lakini ile nyumba, we hukuibeba. Siiuzi."

Halafu akamgeukia yule mume, na sauti ikawa ya biashara, ile anayotumia sokoni. "Baba, huyu iko na ng'ombe Bugeshi. Iko na mashine mupya ya mutumbwi, bado haijagusa maji. Auze vyote. Mi sikuchukua franga yako hata moja, na sitalipa hata moja. Lakini nitasimama hapo sokoni siku anauza, mpaka akupe yote. Akikosa, polisi ni hapo karibu, na mi nitakuja kusema nilichoona."

Mume na mke walinong'onezana. Mke ndiye aliyeamua, naona. Mume akavaa miwani akasema atampa mjomba nafasi ya kuuza, kwa maandishi, na notari akasema hayo ni yao, atayaandika baadaye kama wanataka, lakini kwanza amalize la mama.

Akaandika hati ya kuondoa uwakilishi. Aliandika haraka, akitutajia kila kitu: jina la mama, jina la mjomba, hati ile ya zamani ilisainiwa wapi na kwa nani, na kwamba kuanzia leo uwezo wote uliokuwa ndani yake umeondolewa, wa kusimamia, kupangisha, kuuza na kupokea pesa. Akaeleza kwamba atampelekea nakala mwenzake aliyeithibitisha ya kwanza, na kwamba kesho twende ofisi ya ardhi tukaombe kiwanja kiwekewe kizuizi, kisihamishwe kwa mtu yeyote mpaka mama mwenyewe aseme.

"Ya nini tena kizuizi?" nikauliza. "Si karatasi mmeichukua?"

"Hizi hutolewa zaidi ya moja," notari akasema. Akamtazama mjomba aliyekuwa amerudi kitini, kichwa kimeinama. "Ulipewa nakala halisi ngapi?"

"Moja tu. Hiyo hapo."

"Una hakika?"

"Moja."

Notari hakubishana naye. Akamsomea mama hati mpya toka mwanzo mpaka mwisho, neno kwa neno, maana ndivyo walivyotakiwa kufanya siku ya ile ya kwanza. Akauliza kama mama ameielewa na kama ana la kuongeza.

"Iko la kuongeza," mama akasema. "Andika hapo chini: uwakilishi nimeuondoa, undugu sijauondoa."

Notari akasita, vidole juu ya vitufe. "Mama, hilo halihitajiki. Sheria haina habari nalo."

"Najua haina. Andika."

Nilimkasirikia, nawaambieni! Nilimkasirikia mama yangu kuliko nilivyomkasirikia yule mwizi. Nilitaka kusema, mama, huyu alikuwa anauza kitanda chako ukiwa umelala juu yake! Lakini notari alikwisha kuandika. Mashine ikatoa karatasi, bado ina joto, na mama akasaini kwa mkono wenye rangi, akaweka na kidole, alama ya rangi ikabaki pembeni.

Kisha karatasi ikasukumwa mbele ya mjomba, asaini kwamba ameipokea na ameijua. Aliishika akaisoma. Aliisoma mpaka chini. Nikaona macho yake yamefika kwenye mstari wa mwisho na kusimama hapo, na yakarudi juu, na yakashuka tena hapo hapo.  

Hakuchukua kalamu. Alitia mkono ndani ya koti, mfuko wa ndani kabisa, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, mihuri ile ile, saini ya mama ile ile. Akaiweka mezani mbele ya dada yake bila kumtazama.

Mama aliikunjua, akaihakikisha, akampa notari. 

"Sasa saini," alimwambia mdogo wake.

Akasaini.